Penseli Pembeni mwa Kanuni ya Saba

Katika ofisi yetu wadogo huandika kwa penseli, wakubwa kwa wino. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Unajifunza siku ya kwanza, ukitoa kalamu mkobani na jirani yako akakukonyeza uirudishe. Rasimu ya kanuni ikiwa bado chini kwetu, kila mtu anaruhusiwa kuuliza swali pembeni mwa karatasi. Ikishapitishwa, kabla faili halijapanda kwa Waziri, sisi wadogo tunachukua kifutio na kufuta maswali yetu yote. "Faili lipande likiwa limeoga," ndivyo anavyosema mkuu wetu. Mkuu mwenyewe, akiwa hayupo, tunamwita Wino.

Mimi ni mwandishi msaidizi wa sheria. Bunge likitunga Sheria haliwezi kuandika kila kitu, choo kiwe na upana gani, mlango ufungukie wapi. Kwa hiyo ndani ya Sheria yenyewe linaweka kifungu cha kumruhusu Waziri ayaandike hayo madogo madogo, na kifungu hicho kinataja ni yapi. Hayo aandikayo Waziri ndiyo kanuni, na kanuni ndizo kazi yetu. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa akisema: Sheria ni mama, kanuni ni mtoto, na mtoto hatoki nje ya uzio bila ruhusa ya mama. Tulicheka, tukaandika daftarini.

Darasa hilo nilisoma miaka minne. Miwili ya mwisho niliisoma nikiwa na mtoto mchanga, na nisingeweza kama si mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama. Mtaa mzima ulimwita Mama Vikombe. Alipanga uwanja wenye vyumba viwili na kivuli cha mabati, akilea watoto kumi na wanne wa watu waendao kazini, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili. Ukutani kulikuwa na misumari kumi na minne, na kwenye kila msumari kikombe cha plastiki. Kwa kuwa watoto hawajui kusoma, kila kikombe alikichora alama kwa rangi ya kucha: samaki, kiti, nyota, jembe. Cha mwanangu kilikuwa cha buluu, na alama yake ilikuwa saa ya ukutani.

"Kwa nini saa?" nilimwuliza.

"Hiyo si ya mtoto. Hiyo nimekuchorea wewe."

Maana geti lake lilikuwa na sheria moja isiyohitaji Bunge: saa kumi na mbili jioni kila mtoto awe ameondoka. Ukichelewa unamkuta mwanao amesimama getini na kibegi chake, na Mama Vikombe kando yake, mikono kiunoni, akimwambia mtoto kwa sauti ya wewe kusikia: "Usilie, mume wangu. Mama yako anakuja, anatunga sheria za kutembea polepole."

Basi. Mwaka ule mtoto mmoja alizama katika pipa la maji kwenye uwanja wa malezi upande mwingine wa mji. Magazeti yaliandika wiki nzima, na kweli yalikuwa na haki ya kuandika; mimi mwenyewe nilishindwa kuyasoma hadi mwisho. Waziri akasimama mbele ya kamera akasema kuanzia sasa hakuna atakayelea watoto wa watu bila cheti cha chuo. Alhamisi alasiri rasimu ilikuwa mezani kwangu, na ilitakiwa ipande siku hiyohiyo.

Kanuni ya kwanza hadi ya sita zilihusu mapipa yenye mifuniko, milango, vyoo, na watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Nilizipenda. Kanuni ya saba ilisema: hakuna mtu atakayesajiliwa au kuendelea kuwa mlezi isipokuwa awe na cheti cha malezi cha chuo, cha miaka miwili.

Nikaifungua Sheria mama. Kifungu cha thelathini na moja kilimruhusu Waziri kutunga kanuni kuhusu majengo, usafi, usalama, na idadi ya watoto. Nikarudi nyuma hadi kifungu cha kumi na mbili: mtu mzima yeyote mwenye afya na tabia njema anaweza kusajiliwa kuwa mlezi. Yeyote. Bunge lilikuwa limeshasema nani anafaa, na halikusema cheti.

Nilichukua penseli, nikaandika pembeni mwa kanuni ya saba: *Kif. 12 "mtu mzima yeyote". Waziri anaweza kuongeza sharti ambalo Sheria haikuliweka?*

Wino alikuja saa kumi na moja na robo, miwani kwenye paji la uso. Akasoma swali langu, akakuna kidevu.

"Una macho wewe," alisema. "Lakini sisi ni cherehani, mwanangu. Kitambaa cha Waziri, mwili wa Waziri. Nguo ikimbana atarudi."

"Mkuu, na kifungu cha kumi na mbili?"

"Soma mwisho wa thelathini na moja. 'Na jambo lolote linalofaa kwa utekelezaji bora wa Sheria hii.' Hilo ni kapu, linabeba kila kitu."

"Linabeba kila kitu, au linabeba kilichokwisha kuwemo?"

Alinitazama. Simwonei, Wino si mtu mbaya. Alivuta kiti akakaa. "Sikiliza. Penseli ni penseli. Kama hoja yako ni nzito, niandikie dokezo. Kurasa mbili, chapa, saini yako. Nitalipandisha pamoja na faili. Hilo halifutwi."

Kisha akaenda kunywa chai.

Nilitazama ukutani. Saa kumi na moja na nusu. Kuandika dokezo kurasa mbili, kulichapa, kutafuta mashine isiyokula karatasi: nisingetoka kabla ya saa moja. Geti la mama mdogo lilikuwa dakika ishirini na tano kwa miguu. Nilimwona mwanangu na kibegi chake. Tena nilikuwa katika miezi ya majaribio, sijathibitishwa kazini, na nikajiambia maneno ambayo kila mvivu wa roho hujiambia: wakubwa wameona, Bunge litaona, kama kuna kosa mahakama itaona.

Nikachukua kifutio. Niliipuliza karatasi, nikaingiza faili katika jalada, nikatoka mbio. Nilifika saa kumi na mbili kasoro dakika mbili.

"Leo umetunga za kukimbia," mama mdogo alisema, akanipa mtoto na kipande cha muhogo uliobaki.

Kanuni zilitangazwa katika gazeti la serikali, zikawekwa mezani Bungeni siku ishirini na moja kama Sheria inavyotaka. Hakuna mbunge aliyefungua mdomo. Wiki sita baadaye, asubuhi, nilikuwa namvua mwanangu viatu pale uwanjani, mkaguzi akaingia na tepu ya kupimia.

Alipima vyumba. Akahesabu watoto. Akafunua pipa, akafunika, akaingia chooni akakaa humo muda hadi tukatazamana.

"Mama," alisema akitoka, "choo chako ni kisafi kuliko cha ofisini kwetu."

"Basi uwe unakuja, mwanangu, usijinyime."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Cheti kiko wapi?"

"Cha choo?"

"Cha malezi. Cha chuo."

"Mimi shule niliacha darasa la saba. Lakini nina watoto zaidi ya mia mbili waliotembea humu ndani. Vuta kiti nikuitie mmoja mmoja."

"Mama, si mimi. Ni kanuni ya saba."

Mama mdogo akanigeukia. Nilikuwa bado nimechuchumaa na kiatu kimoja mkononi. "Wewe si ndiye wa sheria? Mwambie basi."

"Mama mdogo," nilisema, "ngoja nitaangalia."

Nitaangalia. Nilikuwa nimeshaangalia. Mkaguzi akabandika amri getini kwa gundi, na mama mdogo akamletea maji anawe mikono, kwa kikombe cha wageni.

Walezi kumi na mmoja walikwenda mahakamani, yeye akiwa wa kwanza kwenye orodha. Walimpata wakili wa msaada wa kisheria, dada mmoja mrefu mwenye viatu vinavyolia kila akipiga hatua. Mimi nilikaa mbali, kwa kuwa nilikuwa wa wizara. Nilisema hivyo kwa sauti, na ndani nilijua sababu nyingine. Kwanza wakili aliomba zuio la muda, ili walezi waendelee hadi kesi iamuliwe. Jaji akakataa. Kanuni, alisema, huchukuliwa kuwa halali mpaka mahakama itakaposema vingine, na kuhusu usalama wa watoto hawezi kubahatisha kabla ya kusikiliza.

Kwa hiyo geti lilibaki limefungwa. Vikombe vikaingia kwenye boksi chini ya kitanda cha mama mdogo. Mwenye uwanja, mzee mpole, alimwambia: "Nitakusubiri, mwanangu, hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Zaidi ya hapo na mimi nina watoto." Hilo ndilo lililokuwa shindano lote: mahakama na mwezi wa tisa. Mama mdogo alikuwa hazungumzi kingine. Akiamka anauliza tarehe.

Kesi iliahirishwa mara ya kwanza kwa kuwa wakili wa serikali alihitaji muda kulisoma faili letu. Mimi ndiye niliyepewa kulitolea nakala. Nilipofika ukurasa wa kanuni ya saba niliuinua kuelekea dirishani. Maandishi hayakuonekana, ila karatasi pale pembeni ilikuwa imekwaruzika, imekuwa nyembamba kama ngozi ya kidonda kinachopona. Nikaiweka kwenye mashine. Mashine haikuona kitu. Nakala ilitoka nyeupe.

Ilisikilizwa mwezi wa nane. Niliomba ruhusa ya siku moja nikakaa benchi la nyuma. Jaji alikuwa mama wa makamo, sauti ndogo, anayeandika kila kitu mwenyewe kwa mkono.

Wakili wa serikali alisema vizuri. Alisema juu ya mtoto wa pipa. Kisha akakifungua kile kifungu cha thelathini na moja, akasoma maneno ya mwisho, jambo lolote linalofaa kwa utekelezaji bora.

"Wakili," Jaji alisema, "kutekeleza ni kutekeleza kilichopo. Cheti kiko wapi ndani ya Sheria?"

"Hakimo kwa maneno, Mheshimiwa. Kimo katika dhamira. Dhamira ni usalama wa mtoto."

"Dhamira naiheshimu. Sasa kifungu cha kumi na mbili kinaniambia mtu mzima yeyote. Waziri ananiambia si yeyote. Nimfuate nani?"

"Mheshimiwa, kanuni hizi ziliwekwa mezani Bungeni. Bunge lenyewe halikupinga."

"Bunge kunyamaza si Bunge kutunga sheria."

Wakili wetu mwenye viatu vinavyolia hakusema sana. Aliweka Sheria upande wa kushoto na kanuni upande wa kulia, akamwomba Jaji asome sentensi moja ya huku na moja ya kule. Ilichukua muda usiofika dakika tano. Hapakuhitajika shahidi, wala siri, wala faili. Kilikuwa ni kile kile nilichokiona mimi Alhamisi ile, na penseli mkononi.

Jaji alisema hukumu itasomwa wiki ya tatu ya mwezi wa tisa. Mama mdogo alihesabu kwa vidole, akatabasamu. Wiki moja ibaki.

Wiki ya tatu tuliambiwa Jaji ana vikao mji mwingine. Ya nne, hukumu haijakamilika kuchapwa. Mwezi wa tisa ukaisha siku ya Ijumaa. Hukumu ilisomwa mwezi wa kumi, tarehe kumi.

Nakumbuka maneno karibu yote. "Mahakama haiulizi kama cheti ni jambo jema. Huenda ni jema sana. Wala mimi si Waziri nipange malezi yaweje. Ninauliza swali moja tu: ni nani aliyempa Waziri ruhusa ya kukidai? Nimesoma Sheria yote, sikumwona. Maneno ya jumla yaliyo mwisho wa kifungu yanamsaidia Waziri kutekeleza alichopewa. Hayampi mamlaka mapya, wala hayamruhusu kubadili kilichosemwa na Bunge. Akitaka cheti, mlango uko wazi: aende Bungeni Sheria irekebishwe." Kanuni ya saba ikatenguliwa, batili tangu siku ilipotungwa. Nyingine zote, za mapipa na milango na vyoo, zikabaki, kwa kuwa zilikuwa ndani ya mamlaka na zingeweza kusimama bila hiyo moja.

Walezi walipiga vigelegele hadi askari wa mahakama akaweka kidole mdomoni huku naye akicheka. Mama mdogo hakupiga. Alimshika wakili mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, batili tangu mwanzo maana yake nini?"

"Maana yake, mama, ni kama haikuwahi kuwepo."

"Na miezi yangu kumi na moja?"

Wakili aliinamisha kichwa. "Hiyo ni kesi nyingine, na ngumu. Kanuni kuwa batili peke yake hakuleti fidia."

"Sikuulizia fidia," alisema mama mdogo kwa upole. "Haya, asante sana. Mungu akuzidishie. Na hivyo viatu vipake mafuta."

Tulitembea, yeye na mimi, hadi uwanjani. Nilijua, na yeye alijua, lakini mguu una ubishi wake. Geti lilikuwa wazi. Alama ya gundi ya ile amri ilikuwa bado pale, ya mraba. Ndani, chini ya mabati, fundi wa friji alikuwa ameingia tangu Jumamosi. Friji nne zimelala chali, milango imeng'olewa. Misumari yote kumi na minne ilikuwa ukutani, naye ametundika koleo, nyaya, kofia yake, chupa ya maji.

"Karibuni," fundi alisema. "Mna friji?"

"Tuna misumari," mama mdogo alijibu. "Itunze. Ule wa tatu unalegea, usiutundikie kizito."

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya geti. Alivua viatu akazipumzisha nyayo.

"Wewe ni msomi wangu," alisema. "Jaji amesema kanuni haikuwahi kuwepo. Basi niambie. Mimi nilifungiwa na nini?"

Angeweza kuwa anatania. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Na kifutio, mama mdogo."

Nikamweleza. Penseli, kifungu cha kumi na mbili, Wino na kapu lake, dokezo la kurasa mbili ambalo lingepanda na lisingefutwa, saa ya ukutani. Sikuacha kitu. Nilimwambia hata lile la kuthibitishwa kazini. Nilipomaliza fundi alikuwa akigonga bati, akanyamaza, akagonga tena.

"Siku ile ulifika saa ngapi?" mama mdogo aliuliza.

"Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili."

"Nakumbuka. Nilikupa muhogo." Alitazama mikono yake. "Ungechelewa tu siku hiyo, mwanangu. Ningekutukana, basi. Matusi yangu yanaua?"

"Hapana, mama mdogo."

"Ningekaa na mtoto hadi saa tatu. Hadi asubuhi. Lini nilimfungia mtoto nje?"

Nililia, naye hakunizuia wala hakunishika. Baadaye alivaa viatu, akasema twende, jua linapungua, mwanao anangoja. Njiani alinishika mkono tulipovuka barabara, kama anavyowashika watoto, akauachia tulipofika ng'ambo.

Hakufungua tena. Alitafuta uwanja mwingine mwezi mzima; kila wenye nafasi haukuwa na choo, kila wenye choo haukuwa na nafasi, na kanuni za vyoo zilikuwa halali. "Nilikuwa nimechoka na sijui," aliniambia. "Kufungwa kumenifundisha." Siku moja alizunguka mtaani na lile boksi, nyumba kwa nyumba, akimpa kila mtoto kikombe chake.

Waziri ameamua kwenda Bungeni, kama alivyoambiwa. Rasimu ya kurekebisha Sheria imekuja kwetu wiki hii. Inasema walezi wote wawe na cheti ndani ya mwaka mmoja. Hapo hakuna kosa la mamlaka. Bunge likitaka linaweza. Lakini nimeandika pembeni, kwamba wapo waliolea miaka ishirini, wapewe njia ya kupimwa kwa kazi yao. Nimeandika kwa wino. Wino alikuja akasimama kando ya meza yangu.

"Umeharibu karatasi," alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Na dokezo ninalichapa."

"Saa kumi na moja na nusu hii. Mtoto je?"

"Yuko kwa bibi yake. Nimemwambia nitachelewa."

Alivuta kiti akakaa, akaanza kunisomea vifungu nichape.

Nilipofika kwa mama mdogo ilikuwa imetimia saa mbili. Mwanangu alikuwa sakafuni, anakunywa maji kwa kile kikombe cha buluu, maana kingine chochote anakikataa. Mama mdogo hakuweka mikono kiunoni. Alinitazama, akatazama kile kikombe, akasogea kidogo kwenye mkeka.

"Kaa ule kwanza," alisema. "Kisha uniambie umeandika nini."